Ndege ya Kwanza Ilichelewa, ya Pili Ikaniacha: Nadai Nini, na Naandikaje?

Swali hili huulizwa sana na ndugu zetu wanaoishi Ulaya wakija nyumbani likizo: "Ndege yangu ya kwanza ilichelewa saa mbili tu. Kwa ajili ya hizo saa mbili ndege ya pili ikaniacha, nikafika nyumbani kesho yake usiku. Nimeliandikia shirika, wamenijibu kwamba fidia huanzia saa tatu. Basi ndiyo imetoka hiyo?"

Haijatoka. Kama safari ilianzia kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya Umoja wa Ulaya, na ndege zote mbili zilikuwa kwenye tiketi moja, msafiri huyu ana haki ya kudai euro 600. Shirika limemjibu kuhusu ndege ya kwanza, wakati dai lake linahusu mwisho wa safari. Hapo ndipo barua nyingi zinapopotea njia. Mtu hujaza kurasa mbili akieleza alivyolala kwenye kiti cha chuma na jinsi mhudumu alivyomjibu kwa dharau, halafu anasahau kuandika saa aliyofika alikokuwa anakwenda. Anayeisoma barua ile ofisini anatafuta saa hiyo, na asipoiona anachukua saa ya ndege ya kwanza.

Katika sura hii tutamfuata msafiri mmoja wa mfano kutoka Hamburg hadi Kilimanjaro, tuone anavyoipanga barua yake na jibu analotarajia kupata.

Saa inayohesabiwa

Sheria tunayoizungumzia ni Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 2005. Ukiisoma yenyewe, utaona inataja fidia kwa ndege iliyofutwa na kwa abiria aliyezuiwa kupanda. Kwa ndege iliyochelewa tu haikusema waziwazi. Ni Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu ya Novemba 2009, iliyosema kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi amepoteza muda sawa na yule ambaye ndege yake ilifutwa, kwa hiyo naye alipwe.

Likabaki swali la ndege ya kuunganisha, yaani ile unayobadilishia katikati ya safari. Lilijibiwa Februari 2013 katika kesi inayojulikana kwa jina la Folkerts. Abiria alikuwa anatoka Bremen, Ujerumani, kwenda Asunción, Paragwai, akipitia Paris na São Paulo. Ndege ya Bremen iliondoka ikiwa imechelewa kama saa mbili na nusu. Akaikosa ya Paris, kisha akaikosa na ya São Paulo, akafika Asunción akiwa amechelewa saa kumi na moja. Shirika lilishika hoja ya zile saa mbili na nusu. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni ucheleweshaji wa kufika kituo cha mwisho, hata kama ndege ya kwanza ilichelewa muda mfupi usiofikia saa tatu.

Ina maana kwamba hata nusu saa inatosha, mradi ndiyo iliyokufanya uachwe. Shirika ndilo lililokuuzia muunganisho wa dakika arobaini, kwa hiyo haliwezi kukulaumu kwa kutokimbia. Hali ni tofauti ukiachwa na ndege kwa sababu ulikuwa dukani unachagua manukato.

Saa ya kufika nayo si ile magurudumu yanapogusa ardhi. Mahakama iliamua mwaka 2014 kwamba ndege imefika pale mlango wake mmoja angalau unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Kwa mtu aliyechelewa saa ishirini jambo hili halina uzito. Kwa aliyechelewa saa mbili na dakika hamsini na tano, dakika kumi za kusubiri ngazi ndizo zinazoamua kama atalipwa au hatalipwa. Mlango ukifunguliwa, piga picha ya skrini ya simu yako inayoonyesha saa.

Tiketi moja, safari moja

Haya yote yanategemea sharti moja: ndege zote ziwe kwenye uhifadhi mmoja. Angalia namba ya uhifadhi, ile yenye herufi na tarakimu sita. Ikiwa ndege ya kwanza na ya pili zina namba moja, kisheria safari yako ni moja, hata kama ndege zinaendeshwa na mashirika mawili tofauti. Ukinunua tiketi ya bei nafuu ya Hamburg hadi Amsterdam mahali pamoja, na ya Amsterdam hadi Kilimanjaro mahali pengine, una safari mbili. Ya kwanza ikichelewa saa mbili na ya pili ikakuacha, hasara ni yako. Hii ndiyo gharama iliyofichika ndani ya tiketi za kuunganisha mwenyewe, na wengi huijua wakiwa wameshasimama mbele ya geti lililofungwa.

Sharti la pili ni mahali safari ilipoanzia. Safari ikianzia nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni inalishika shirika lolote, liwe la Ulaya, la Ghuba au la Afrika. Mwaka 2018 mahakama ilithibitisha hivyo kwa abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca na kuachwa huko Casablanca, ambako ni nje kabisa ya Umoja. Safari ikianzia nje, kwa mfano Kilimanjaro, kanuni inamlinda abiria anayekwenda Ulaya ikiwa tu anarushwa na shirika la Ulaya. Ndiyo maana watu wawili waliotoka Dar es Salaam siku moja kwenda Frankfurt, wakachelewa sawasawa, mmoja anaweza kulipwa euro 600 na mwenzake asipate hata senti chini ya kanuni hii.

*Kwa kifupi: uhifadhi mmoja, mwanzo wa safari Ulaya (au shirika la Ulaya linaloelekea Ulaya), na kufika mwisho wa safari ukiwa umechelewa saa tatu au zaidi.*

Msafiri wetu wa Hamburg

Sasa tumfuate mama mmoja anayesafiri na binti yake wa miaka tisa. Wote wawili wana tiketi za kulipia. Saa nitaziandika kama zinavyosomeka kwenye tiketi, na yeye kwenye barua yake afanye hivyo hivyo. Akiandika "saa nne asubuhi" akiwa na maana ya 10:00, halafu msomaji wake huko ofisini akaelewa 04:00, dai linaanza kuyumba kabla halijasomwa.

Kwa mujibu wa tiketi, waondoke Hamburg 06:30, wafike Amsterdam 07:45, waondoke Amsterdam 10:00 na kufika Kilimanjaro 19:30 kwa saa za Tanzania. Asubuhi hiyo ndege ya Hamburg ilibaki chini. Rubani alitangaza kwamba kuna kifaa kinabadilishwa. Ikafika Amsterdam 09:50, saa mbili na dakika tano baada ya muda wake, na geti la Kilimanjaro likiwa limefungwa. Kwenye dawati la huduma walipewa nafasi ya ndege ileile kesho yake. Vocha za hoteli zilikuwa zimekwisha, wakaambiwa wajitafutie na watunze risiti. Walilipa hoteli euro 118 na chakula euro 23. Kesho yake mlango wa ndege ulifunguliwa Kilimanjaro saa 19:35, yaani walichelewa saa 24 na dakika 5.

Wanadai kiasi gani? Kiwango kinategemea umbali:

- hadi kilomita 1,500: euro 250
- zaidi ya kilomita 1,500 hadi 3,500, pamoja na safari zote ndefu zaidi zilizo ndani ya Umoja wa Ulaya: euro 400
- zaidi ya kilomita 3,500: euro 600, au 300 ikiwa ulifika kabla ya saa nne za kuchelewa kutimia

Umbali hupimwa kwa mstari wa moja kwa moja kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho, bila kujali ulikopitia. Hamburg hadi Kilimanjaro ni karibu kilomita 6,800. Hamburg hadi Amsterdam hazifiki hata 400, na hapa kuna mtego. Jibu la kwanza la ofisi likija na ukarimu wa euro 250, wamepima umbali wa ndege ya kwanza peke yake. Usilipokee kama ushindi.

Fidia ni ya kila abiria, na mtoto mwenye tiketi ya kulipia anahesabiwa. Kwa hiyo ni euro 1,200 kwa wawili. Hoteli na chakula, jumla euro 141, ni dai lingine kabisa. Hilo linatokana na wajibu wa shirika kuwahudumia abiria waliokwama, na wajibu huo upo hata pale ambapo fidia haipo. Kuchanganya haya mawili kunalipa shirika nafasi ya kukurudishia 141 na kuandika kwamba suala limefungwa.

Barua yenyewe

Barua ielekezwe kwa shirika lililorusha ndege iliyochelewa, si wakala aliyekuuzia tiketi. Kwenye tiketi tafuta maneno *Operated by*. Jina linalofuata ndilo la kuandikiwa. Iandike kwa Kiingereza au kwa lugha ya nchi ya shirika. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili muundo wake uonekane.

> Hamburg, 2 Septemba 2025
>
> Kwa: Idara ya Huduma kwa Wateja
>
> YAH: DAI LA FIDIA CHINI YA KANUNI (EC) 261/2004, UHIFADHI NA. ______, TIKETI NA. ______ NA ______
>
> Mimi na binti yangu tulikuwa na uhifadhi mmoja uliothibitishwa kutoka Hamburg kwenda Kilimanjaro kupitia Amsterdam, tarehe 14 Agosti 2025, kwa ndege Na. ______ na ______. Tulitakiwa kufika Kilimanjaro siku hiyo saa 19:30.
>
> Ndege ya Hamburg ilifika Amsterdam saa 09:50 badala ya 07:45. Kwa sababu hiyo tuliikosa ndege ya saa 10:00. Tulipewa ndege ya kesho yake, na mlango wake ulifunguliwa Kilimanjaro tarehe 15 Agosti saa 19:35. Tulifika kituo cha mwisho tukiwa tumechelewa saa 24 na dakika 5.
>
> Kwa mujibu wa hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kesi C-11/11 (Folkerts), ucheleweshaji hupimwa katika kituo cha mwisho. Umbali kutoka Hamburg hadi Kilimanjaro unazidi kilomita 3,500. Kwa hiyo nadai:
>
> 1. Fidia chini ya Ibara ya 7: euro 600 kwa kila abiria, jumla euro 1,200.
> 2. Marejesho ya gharama chini ya Ibara ya 9: hoteli euro 118 na chakula euro 23, jumla euro 141. Risiti zimeambatishwa.
>
> Naomba malipo kwa fedha kwenye akaunti iliyotajwa hapa chini ndani ya siku 14. Sikubali vocha. Ikiwa mnadai kulikuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, naomba mnieleze yalikuwa yapi, yaliathiri ndege ipi, na hatua gani mlichukua kuyaepuka.
>
> Jina, sahihi, akaunti ya benki
>
> Viambatisho: uthibitisho wa uhifadhi, pasi za kupandia ndege, tiketi mpya, picha za ubao wa ratiba, risiti

Ni barua fupi, na inafaa iwe fupi. Hakuna neno kuhusu mhudumu mwenye dharau, ingawa hasira ya mama huyu naielewa. Akitaka kumlalamikia mhudumu, aandike barua nyingine.

Sentensi kuhusu vocha imewekwa kwa makusudi. Kanuni inataka fidia ilipwe kwa fedha, na vocha iwe tu kwa kibali cha abiria kilichotiwa sahihi. Siku ya tukio, watu wakiwa wamechoka, huletewa karatasi au kiungo kwenye simu chenye vocha ya kuvutia. Soma kabla ya kubonyeza.

Vielelezo navyo, wengi huvitupa. Kipande cha pasi ya kupandia ndege kinaishia kwenye pipa la uwanjani Kilimanjaro, na miezi miwili baadaye shirika linaomba uthibitisho kwamba ulisafiri. Ujumbe wa simu ulioletwa na shirika lenyewe kutangaza ucheleweshaji ni kielelezo kizuri kuliko maelezo yako, kwa sababu ni maneno yao.

Jibu la kwanza litakavyokuwa

Mara nyingi jibu huja na maneno "mazingira yasiyo ya kawaida". Maana yake ni tukio lililo nje ya uendeshaji wa kawaida wa shirika, ambalo lisingeweza kuzuilika hata kwa kuchukua hatua zote za busara. Likithibitika, fidia inaanguka, ingawa hoteli na chakula vinabaki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika.

Dhoruba, uwanja kufungwa, mgomo wa waongoza ndege na ndege kugongwa na ndege wa angani vinakubalika. Hitilafu ya mitambo kwa kawaida haikubaliki. Mahakama ilisema hivyo tangu Desemba 2008, kwa hoja kwamba vyombo kuharibika na kutengenezwa ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika la ndege. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe wanaodai mishahara nao haukubaliki. Kwa mama yetu, kifaa kilichobadilishwa Hamburg hakiliokoi shirika. Ndiyo maana tangazo la rubani ni la kuandikwa papo hapo, pamoja na saa yake, hata kama ni nyuma ya tiketi. Ofisi isije ikageuza kifaa kuwa ukungu.

Na kama kweli ulikuwa ukungu? Hapo dai linakuwa gumu, lakini halijafa. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba shirika linalojitetea kwa mazingira yasiyo ya kawaida lazima lionyeshe pia kwamba lilimtafutia abiria njia ya mapema iwezekanavyo, ikiwa ni pamoja na nafasi kwenye ndege za mashirika mengine. Kumpa mtu ndege yako mwenyewe ya kesho bila kutazama kwingine hakutoshi. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye foleni ya Amsterdam, fungua simu utazame kama kuna safari nyingine ya jioni ileile kwenda Kilimanjaro, labda kupitia Addis Ababa au Doha, yenye viti vinavyouzwa. Iombe. Wakikataa, hifadhi picha ya skrini.

Ukipata kimya au ukataaji, andika mara ya pili ukijibu hoja yao moja kwa moja, kisha nenda mbele. Ujerumani kuna chombo cha usuluhishi cha wasafiri kisichomtoza abiria, na hupokea dai baada ya miezi miwili tangu ulipoliandikia shirika. Mahakama nayo ipo: mama yetu anaweza kufungua shauri Hamburg, mahali safari ilipoanzia, bila kulifuata shirika hadi nchini kwake. Zipo pia kampuni zinazonunua au kufuatilia madai haya. Zinafanya kazi, lakini hukata robo ya fedha au zaidi, na kwa dai lililo wazi kama hili sioni sababu ya kumgawia mtu euro mia tatu kabla barua ya kwanza haijajibiwa.

Pale kanuni ya Ulaya isipofika

Tuchukue ndugu anayetoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt kwa shirika lisilo la Ulaya, akaachwa na ndege ya kuunganisha huko katikati. Kanuni 261 haimhusu. Anayo silaha nyingine, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na nchi za Umoja wa Ulaya zote ni wanachama.

Mkataba huu hauna kiwango maalumu cha kulipwa. Unalipa hasara uliyoipata na unayoweza kuithibitisha: hoteli, chakula, tiketi ya treni iliyopotea, dereva aliyelipwa kusubiri bure. Kuna kikomo cha juu, haki maalumu za kutoa fedha 6,303 kwa abiria tangu mwisho wa Desemba 2024. Hicho ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachobadilishwa kuwa fedha ya nchi husika. Watu husoma kikomo hicho wakadhani ndicho wanachodai. Asiye na risiti ya chochote hapati chochote. Shirika nalo linaweza kujiokoa likithibitisha lilichukua hatua zote za busara kuzuia hasara.

Barua ya Montreal basi inaandikwa tofauti: nafasi ya zile euro 600 inachukuliwa na orodha ya matumizi, kila moja na risiti yake na sentensi moja ya kueleza jinsi ucheleweshaji ulivyolisababisha. Mama wa Hamburg naye anaweza kuongeza mstari wa namna hii kwa dereva wa Moshi aliyesubiri bure usiku ule, ingawa fidia ya euro 600 inaweza kukatwa kutoka kwenye dai la ziada kama hilo.

Usikae na dai. Chini ya Montreal muda wa kufungua shauri ni miaka miwili tangu siku uliyofika au uliyopaswa kufika. Kanuni ya Ulaya imeziachia nchi ziweke muda wao: Uholanzi ni miaka miwili, Ufaransa mitano, na Ujerumani mitatu inayoanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka wa safari, hivyo dai la Agosti 2025 linakoma 31 Desemba 2028. Uingereza, tangu ilipojitoa, ina sheria yake inayofanana na hii, yenye kiwango cha juu cha pauni 520. Na kabla ya kutuma barua hakikisha viwango bado ni hivi, kwa kuwa Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi wa nchi za Umoja walikubaliana kupendekeza saa za kustahili fidia zipandishwe hadi nne kwa safari fupi na sita kwa safari ndefu, na wabunge wa Ulaya wakalipinga pendekezo hilo.